Bonge la damu kwenye pafu na mapengo ya kwenye siti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaotuuliza maswali haya hapa Tabora ni watu wa aina mbili. Wapo ndugu wa wagonjwa wanaotoka chumba cha siti, ile mashine ya CT inayopiga picha za mwili kwa vipande, na karatasi ya majibu wasiyoielewa, na wapo matabibu na madaktari vijana wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Nzega wanaotuma mgonjwa kisha wanapiga simu. Tumeyaweka pamoja. Ya mwanzo ni mepesi, ya mwisho yanahitaji subira.

## Mambo ya mwanzo

1. Majibu ya mama yameandikwa kuna "pengo" ndani ya ateri ya pafu. Pengo gani hilo?

Wakati wa kupiga picha, mgonjwa huingiziwa dawa ya kontrasti kwenye mshipa wa mkono. Dawa hiyo ina iodini, yale yale madini joto yanayotiwa kwenye chumvi, ila kwa wingi na katika umbo jingine. Iodini huzuia mionzi isipite, kwa hiyo damu iliyochanganyika nayo hutokea nyeupe kwenye picha. Ateri za mapafu zikijaa vizuri, huonekana kama matawi meupe yanayogawanyika na kuwa membamba kadiri yanavyoelekea pembeni.

Bonge la damu halinywi dawa. Damu nyeupe hulizunguka au huishia hapo lilipo, na lenyewe hubaki la kijivu. Sehemu hiyo ya kijivu katikati ya weupe ndiyo pengo. Si tundu kwenye pafu, wala mshipa haujapasuka. Dawa ilitakiwa kuwa pale, haipo, na kuna kitu kimekaa mahali pake.

2. Anaumwa mguu. Kwa nini amepigwa picha ya kifua?

Kwa sababu mabonge mengi ya pafu huanzia kwenye vena kubwa za miguu na nyonga. Kipande kikikatika hupanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, na moyo hukisukuma kwenye ateri za mapafu. Huko mishipa huzidi kuwa myembamba, na kipande hukwama.

3. Eksrei ya kifua ilikuwa safi. Si ingeonyesha?

Hapana. Eksrei haitofautishi damu inayotembea na damu iliyoganda, zote zina kivuli kimoja. Mgonjwa anayehema sana, oksijeni imeshuka, na eksrei yake haina cha maana, ndiye hasa wa kumfikiria bonge. Eksrei inasaidia kuona mambo mengine, kama nimonia, maji kwenye kifua au pafu lililosinyaa.

4. Nimesafiri kwa basi kutoka Dar hadi Kigoma na sasa kifua kinabana. Nije moja kwa moja siti?

Njoo hospitali, lakini siti haiwi ya kwanza. Safari ndefu ya kukaa kitako huongeza hatari, ila kidogo ukilinganisha na upasuaji wa karibuni, mguu uliofungwa hogo, saratani, au wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Daktari hujumlisha alama kwanza. Alama zikiwa chache, kipimo cha damu kinachoandikwa D-dimer kikirudi chini ya kiwango huondoa wazo la bonge bila picha yoyote. Kikiwa juu hakithibitishi kitu, maana hupanda pia kwa maambukizi, ujauzito na umri.

## Ndani ya chumba cha siti

5. Kwa nini mnataka kanula kubwa ya kiwikoni? Wodini tayari wamemwekea ndogo ya mkononi.

Mashine husukuma dawa kwa kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Mgonjwa wa kawaida hupata mililita 60 hadi 80, zote zikiisha ndani ya sekunde 20 hivi. Kanula ndogo ya kiganjani haihimili: hupasua mshipa, dawa ikamwagikia chini ya ngozi na mkono ukavimba. Tunahitaji ya namba 20 au 18, ile ya waridi au ya kijani, kwenye mshipa wa kiwikoni. Anayemtuma mgonjwa kutoka wilayani akiiweka hiyo mapema anatuokolea muda, na muda wenyewe kwa ugonjwa huu una bei.

Kasi hiyo si pupa. Tunataka kuikuta dawa ikiwa bado imejaa ateri za mapafu, kabla haijahamia upande wa kushoto wa moyo na mwilini. Kwa hiyo mashine huangalia shina la ateri ya mapafu wakati dawa inaingia, na weupe ukifikia kiwango tulichoweka, picha huanza. Tukichelewa, mshipa mkuu wa mwili, aota, unang'aa vizuri na ateri za mapafu zimefifia. Picha ya namna hiyo haijibu swali tuliloulizwa, hata kama inapendeza machoni.

6. Nishike pumzi nyingi au kidogo?

Kidogo. Vuta kawaida, simama hapo, usijikaze. Wengi hufikiri pumzi kubwa ndiyo picha nzuri, kama kwenye eksrei, na hapa ni kinyume. Ukivuta kwa nguvu, damu nyingi isiyo na dawa hupanda kutoka tumboni na kuingia moyoni, ikaikata dawa katikati. Matokeo yake, ateri hufifia kwa sekunde chache na msomaji anaweza kuona pengo pasipo na bonge. Mgonjwa anayehema sana asiyeweza kushika pumzi kabisa tunampiga hivyo hivyo. Mashine za sasa ni za haraka.

Ukisikia joto likishuka mwilini hadi kiunoni, kana kwamba umejikojolea, hujajikojolea. Ni dawa, na hupita.

7. Mama akila dagaa anawashwa. Ataweza kuchomwa dawa yenye iodini?

Ataweza. Mzio wa dagaa, migebuka au samaki mwingine hautokani na iodini, na si sababu ya kumnyima kipimo. Tunachotaka kujua ni kama aliwahi kupata shida na dawa hii hii ya kontrasti: vipele, kubanwa pumzi, kuzimia. Hapo tunapanga upya. Vilevile tunauliza kuhusu figo na kisukari. Kama figo zimeshuka sana na anatumia metformini, dawa hiyo husimamishwa kwa saa 48 baada ya picha, figo zipimwe kabla ya kuirudia.

8. Ananyonyesha. Maziwa yamwagwe?

Si lazima. Kinachofika kwenye maziwa ni chini ya asilimia 1 ya dawa, na tumbo la mtoto halifyonzi nyingi katika hiyo. Kwa mjamzito, tazama swali la 16.

## Kuisoma picha

9. Mimi ni daktari wa wilaya, mmenitumia picha kwenye kompyuta. Nianzie wapi?

Anza na weupe, usianze na bonge. Weka duara la kupimia kwenye shina la ateri ya mapafu, usome namba ya HU, kipimo cha weupe kwenye siti. Kwa kipimo hicho maji ni 0 na hewa ni −1000. Damu bila dawa ni kama 40 hivi, na bonge jipya halipishani nayo sana. Ukipata zaidi ya 250, picha inafaa kusomwa hadi matawi madogo. Ukipata 150, mabonge makubwa ya katikati utayaona, lakini usiseme lolote kuhusu matawi ya pembeni.

Kisha badilisha dirisha, yaani mipaka ya weupe na weusi inayoonyeshwa kwenye kioo: WW ni upana wake, WL ni kati yake. Dirisha la kawaida la kifua ni jembamba mno: dawa hugeuka nyeupe tupu na weupe huo hufunika bonge dogo. Fungua hadi hivi:

```
WW 700  WL 100
```

Hapo dawa inakuwa ya kijivu chepesi na bonge linajitenga nayo. Wengi wanaotupigia simu kwamba "sioni kitu" huwa hawajabadilisha dirisha, ndiyo maana tunaliuliza hilo kabla ya salamu kuisha.

Baada ya hapo ufuate mshipa mmoja mmoja kutoka shina hadi pembeni, kwa vipande vya unene wa milimita 1. Kulia juu, katikati, chini. Kushoto juu, chini. Usirukeruke. Jicho linaloruka huona bonge kubwa, likaridhika na kuacha mengine.

10. Bonge jipya lina sura gani?

Zipo sura tatu. Ya kwanza, bonge limekaa katikati ya mshipa na dawa inalizunguka pande zote. Mshipa ukikatwa kwa mkato wa duara, utaona pete nyeupe yenye kijivu katikati. Ukikatwa kwa urefu, utaona mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba na kijivu kati yake, kama reli, na sisi wa Tabora reli hatuhitaji kuelezwa.

Ya pili, bonge limeegemea upande mmoja wa ukuta, lakini kingo zake zinakutana na ukuta kwa kona kali. Ya tatu, mshipa umezibwa wote: dawa inafika na kukatika ghafla, na mshipa uliozibwa ni mnene kuliko mwenzake wa jirani, kwa sababu bonge limeutanua.

Bonge la zamani ni kinyume. Limejishikiza ukutani kwa kona pana, kama sehemu ya ukuta wenyewe. Mshipa umesinyaa badala ya kutanuka. Wakati mwingine hubaki kamba nyembamba iliyokatiza ndani ya mshipa, au chokaa. Tofauti hii si ya kitabuni tu: mgonjwa mwenye alama za zamani aliyeanza kuhema miezi mingi iliyopita ana safari tofauti ya matibabu (swali la 17).

11. Naomba mfano mmoja kamili.

Kisa hiki tumekitunga, ila kila kipande chake ni cha kawaida kwetu.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo, umri wa miaka 46, alivunjika mguu na kufungwa hogo. Wiki ya tatu akaanza kuhema ghafla na kuchomwa ubavu wa kulia. Alipewa dawa za nimonia siku mbili bila nafuu. Alipofika, mapigo yalikuwa 118, oksijeni asilimia 88, na paja la mguu wenye hogo limevimba. Kwa alama za Wells, zile za kujumlisha za swali la 4: dalili za bonge mguuni 3, hakuna ugonjwa mwingine unaoelezea vizuri zaidi 3, mapigo zaidi ya 100 alama 1.5, mguu kutotembea 1.5. Jumla 9. Kwa alama hizo D-dimer haina kazi, na sindano ya kuzuia damu kuganda ilianza kabla ya picha.

Shina la ateri lilisoma HU 310. Picha nzuri. Msomaji alikuta mapengo matatu.

La kwanza, kwenye ateri ya sehemu ya chini ya pafu la kulia. Kijivu cha HU 45, dawa imelizunguka, linaonekana kwenye vipande vingi mfululizo likishuka na kuingia kwenye matawi mawili. Picha ikigeuzwa ya kusimama, lipo pale pale. Hili ni bonge.

La pili, ateri ya juu kulia. Mstari mweusi umekatiza mshipa. Lakini mstari huo haukuishia kwenye ukuta wa mshipa: uliendelea nje hadi kwenye pafu, na ulipofuatwa kwa nyuma ulitokea kwenye vena kubwa ya juu, iliyokuwa imejaa dawa nzito. Ni mwali wa dawa, si bonge.

La tatu, tawi la kushoto chini, la kijivu lote. Lilipofuatwa halikwenda kwenye shina la ateri, lilikwenda kwenye chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Ni vena, na dawa ilikuwa haijaifikia.

Mengine yaliyoonekana: doa lenye umbo la pembetatu chini kulia, msingi wake umegusa ukingo wa pafu. Hiyo ni sehemu ya pafu iliyokosa damu, ndiyo iliyokuwa inamchoma ubavu na ndiyo iliyoitwa nimonia. Chumba cha chini cha kulia cha moyo kilikuwa na upana wa milimita 44, cha kushoto 36. Uwiano ni 1.2. Taarifa iliandikwa kwa mistari minne: bonge jipya kulia chini, pafu limeathirika eneo hilo, moyo wa kulia umeelemewa, picha ni nzuri hadi matawi madogo.

## Mapengo ya uongo

12. Nitajuaje kwamba hili ni bonge na si kivuli tu?

Tunajiuliza mambo matatu. Je, pengo linaonekana kwenye zaidi ya kipande kimoja mfululizo? Je, bado lipo picha ikigeuzwa upande mwingine? Je, linaheshimu kuta za mshipa, au linatoka nje? Likifeli moja, tunashuku.

Kinachodanganya zaidi ni kuhema. Mgonjwa akivuta pumzi katikati ya picha, mishipa hutikisika na kufifia kwenye vipande viwili vitatu. Badilisha dirisha uangalie pafu lenyewe mahali hapo hapo: kama mishipa ya pembeni ina kivuli cha mara mbili, ni mtikisiko. Cha pili ni ule mwali wa swali la 11, unaopungua tukisukuma maji ya chumvi nyuma ya dawa. Cha tatu ni tezi zilizokaa kwenye njia panda za ateri, nje ya ukuta. Ukigeuza picha utaona zinausukuma mshipa tu, hazimo ndani. Huku kwetu kuna kingine: mrija wa hewa uliojaa makohozi kwa mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu. Unatokea wa kijivu, umegawanyika kama mshipa, na jirani yake kuna ateri nyeupe yenye afya. Ukihesabu na kukuta ateri ipo na mrija wa hewa haupo, umeshapata jibu.

13. Ateri na vena nazitenganishaje pembeni kabisa?

Ateri hutembea na mrija wa hewa bega kwa bega. Vena hukaa peke yake kati ya maeneo. Ukiwa na mashaka, rudi nyuma kwa kuufuata mshipa hadi uone unaishia wapi.

14. Majibu yamesema "hakuna bonge". Nimwamini?

Soma mstari unaofuata. Kama umeandikwa kwamba dawa ilijaza vizuri hadi matawi madogo, hilo ni jibu. Kama umeandikwa "dawa haikutosha" au "mgonjwa alitikisika", jibu halisi ni kwamba hakuna bonge kubwa katikati, basi. Na kama hakuna mstari wowote kuhusu ubora wa picha, piga simu uulize. Msomaji hawezi kukasirika, na akikasirika uliza tena. Mgonjwa mwenye alama nyingi na picha dhaifu apimwe mishipa ya miguu kwa ultrasaundi, au picha irudiwe.

## Yanayohitaji uamuzi

15. Kwa nini mnapima moyo kwenye picha ya mapafu?

Wingi wa mabonge hauonyeshi peke yake nani yuko hatarini. Bonge moja linaweza kumlaza mzee mwenye moyo dhaifu, na mengi yakamwacha kijana anatembea. Moyo wa kulia ukishindwa kusukuma hutanuka, na ukuta kati yake na wa kushoto husukumwa upande wa kushoto. Uwiano wa kulia kwa kushoto, kama ule wa swali la 11, ukizidi 1, mgonjwa hupelekwa mahali pa kuangaliwa kwa karibu. Dawa kurudi nyuma kwenye vena za ini nayo ni dalili, ila tusiitegemee sana, kwani kasi kubwa ya kusukuma dawa nayo huileta.

Shinikizo la damu likiwa limeporomoka, namba ya juu chini ya 90, suala si la picha tena. Huyo ni wa ultrasaundi ya moyo kitandani na uamuzi wa dawa ya kuyeyusha bonge, kama hana sababu ya kuvuja damu.

16. Ni mjamzito wa miezi sita, anahema. Mionzi je?

Mguu ukiwa umevimba, anza na ultrasaundi ya mguu. Ikionyesha bonge kwenye vena kubwa, matibabu ni yale yale na siti haihitajiki. Isipoonyesha na shaka bado ni kubwa, apigwe. Mionzi inayomfikia mtoto kwa picha ya kifua ni kidogo sana, na mama kukosa hewa ni hatari zaidi kwa wote wawili. Dawa ya kutibu huwa heparini, kwani wafarini huvuka kwenda kwa mtoto.

17. Ametibiwa miezi mitatu. Arudie siti kuona kama bonge limeyeyuka?

Akiwa anapumua vizuri, hapana. Mabaki madogo hayabadilishi matibabu. Akiwa bado anahema kupanda kilima kidogo, ndiyo ana haja ya kuangaliwa, tukitafuta zile alama za zamani za swali la 10 na shinikizo lililopanda kwenye ateri za mapafu. Lete diski ya picha ya kwanza. Karatasi peke yake haitoshi kulinganisha.

18. Pengo ni moja tu, dogo, kwenye tawi la mwisho kabisa.

Hapa wasomaji wazoefu hutofautiana, na picha hiyo hiyo hupata majibu mawili. Asome mtu wa pili bila kuambiwa wa kwanza kasemaje. Pengo likipita yale mambo matatu ya swali la 12, angalia miguu kwa ultrasaundi na uangalie mgonjwa ana nini kingine. Mwenye saratani, au mwenye bonge mguuni, hutibiwa. Asiye na hayo, mapafu na moyo vikiwa sawa, daktari anaweza kuamua kumfuatilia kwa karibu bila dawa, maana dawa zenyewe huvujisha damu.

19. Mgonjwa yupo Kibondo, usiku, siti iko mbali. Tusubiri?

Shaka ikiwa kubwa na hana sababu ya kuvuja damu, sindano ya kwanza isisubiri picha. Enoksaparini huhesabiwa kwa uzito, miligramu 1 kwa kilo kila saa 12, kwa hiyo mtu wa kilo 60 ni miligramu 60. Figo zikiwa mbovu dozi hubadilika. Andika kwenye rufaa saa aliyochomwa, namba ya kreatinini kama ipo, na kanula iliyowekwa. Safari ya saa kadhaa hailifuti bonge kwenye picha, tutalikuta.